Mpango wa majaribio ya malipo kwa pesa za simu: anza na muamala ambao matokeo yake hayajulikani

Swali: Habari za kazi. Niko kwenye timu ndogo ya ubora wa programu. Tunaongeza malipo kwa pesa za simu, na tumekubaliana kufungua kwa asilimia 1 ya wateja kwanza, halafu 10, halafu wote. Nimeandika majaribio 150 nikifuata kurasa za programu moja baada ya nyingine, lakini bado nina wasiwasi. Niupange vipi mpango huu, na nitajuaje kwamba ni salama kupanda hatua?

Jibu: Wasiwasi wako una msingi. Ukifuata kurasa unapima anachokiona mteja, ilhali hasara ya malipo ya simu hutokea pale ambapo hakuna anayeona kitu: ombi limeshatoka kwenye seva yenu, matokeo hayajarudi, na pesa huenda imeshakatwa. Ningeupanga mpango wote kwa kufuata hali za muamala, kisha majaribio ya kurasa nikayaweka chini yake, tena machache.

Fuatilia kwanza safari ya ombi moja. Seva yenu inamtumia mtoa huduma ombi, naye anajibu mara moja kwamba amelipokea. Jibu hilo bado si malipo. Baadaye simu ya mteja inamtaka aweke namba ya siri, na matokeo yanaletwa kwa ujumbe mwingine kabisa kwenye anwani mliyompa mtoa huduma. Katika Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, kwa mfano, jibu la kwanza lina `ResponseCode` na ujumbe wa matokeo una `ResultCode`. Sifuri katika la kwanza maana yake ombi limepokelewa. Sifuri katika wa pili maana yake pesa imelipwa. Jaribio lako la kwanza kabisa lithibitishe kwamba hakuna oda inayohesabiwa kuwa imelipwa kwa sababu ya jibu la kwanza.

Kwa hiyo muamala unahitaji angalau hali nne: IMETUMWA, HAIJULIKANI, IMELIPWA na IMESHINDWA. Kaa na wasanidi mchore ni hali gani inaweza kwenda wapi, kisha kila mshale uwe jaribio, na kila mshale usioruhusiwa nao uwe jaribio. Hali ya HAIJULIKANI ndiyo ninayoomba uipe nusu ya muda wako. Muamala unaingia humo ujumbe wa matokeo unapochelewa au unapopotea, au muunganisho unapokatika kabla hata ya jibu la kwanza. Hilo la mwisho ni gumu kuliko yote, kwa kuwa hamjapewa namba ya muamala ya kuulizia. Hakikisheni mna namba yenu wenyewe iliyohifadhiwa kabla ombi halijatoka, na kwamba ujumbe wa matokeo ukifika mnaweza kuuhusisha na namba hiyo. Njia moja ni kuiweka ndani ya anwani ya kupokelea matokeo.

Chukua mfano huu uuendeshe hatua kwa hatua. Mteja ana oda ya 1,000. Sekunde ya 0 anabonyeza Lipa, sekunde ya 2 ombi linapokelewa, sekunde ya 20 anaweka namba ya siri na pesa inakatwa. Ujumbe wa matokeo haufiki. Sekunde ya 60 programu inamwambia malipo yameshindikana, ajaribu tena. Anajaribu, anakatwa 1,000 nyingine, na dakika mbili baadaye ujumbe wa kwanza unatokea. Kila sehemu imefanya ilichoagizwa, na mteja amelipa mara mbili.

Matokeo unayotarajia yaandike kwa undani huohuo. Sekunde ya 60 ukurasa useme malipo yanathibitishwa, kitufe kisikubali ombi jipya la oda ileile, na seva imuulize mtoa huduma hali ya muamala. Ujumbe wa kwanza ukija kwa kuchelewa, oda inakuwa IMELIPWA. Ukija mara mbili, hesabu haibadiliki. Ikitokea oda moja imelipwa mara mbili kwa njia yoyote, malipo yote mawili yabaki kwenye kumbukumbu na la pili liingie kwenye foleni ya kurejeshewa mteja. Likifutwa kimyakimya, pesa ya mtu imepotea bila alama.

Mazingira ya majaribio ya mtoa huduma kwa kawaida hayakuruhusu kuamuru ujumbe upotee au urudiwe. Tengenezeni seva ndogo ya kuiga inayojibu kama yeye, lakini unaweza kuiagiza icheleweshe matokeo kwa dakika tatu, iyatume mara mbili, isiyatume kabisa, au iyatume kabla ya jibu la kwanza. Kazi hiyo si kubwa, na bila hiyo mfano wa hapo juu hutaweza kuurudia utakapotaka.

Simu halisi na pesa halisi bado zinahitajika, kwa kiasi kidogo: salio lisilotosha, namba ya siri isiyo sahihi, mteja kughairi, simu iliyozimwa. Daraja hutoa `1032` mteja akighairi na `1037` simu isipopatikana au isipojibu kwa wakati. Wateja hawa wawili wanahitaji maneno tofauti kwenye ukurasa, kwa sababu wa kwanza amekataa na wa pili huenda hata hakuona ombi.

Kila jaribio likiisha, angalia sehemu tatu: oda, daftari lenu la malipo na taarifa ya mtoa huduma. Zote tatu zikubaliane. Ulinganisho huu uutengeneze sasa, maana ndio utakaoulinda uzinduzi wenyewe. Swali moja kati ya yatakayoendeshwa kila saa ni hili:

```sql
SELECT oda_id, COUNT(*)
FROM malipo
WHERE hali = 'IMELIPWA'
GROUP BY oda_id
HAVING COUNT(*) > 1;
```

Lingine litafute miamala iliyokaa HAIJULIKANI zaidi ya dakika 15, au muda mtakaoupanga wenyewe.

Kuhusu kupanda hatua, usipime kwa siku. Pima kwa idadi ya miamala. Takwimu zina kanuni nyepesi: ukiona miamala 300 bila kasoro hata moja, unaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba kiwango halisi cha kasoro hakizidi takriban 3 kwa 300, yaani asilimia 1. Hiyo bado inaruhusu mteja mmoja kati ya 100 kukatwa mara mbili, na kwa pesa za watu siwezi kuikubali. Miamala 3,000 safi inakushusha hadi 1 kwa 1,000. Amueni kwanza kiwango mnachoweza kukibeba, kisha asilimia ya wateja ifuate. Kama asilimia 1 itakupa miamala 40 kwa wiki, hatua hiyo itakuonyesha makosa makubwa tu, na ni vyema timu nzima ielewe hivyo kabla ya kuanza. Angalieni pia kwamba kundi hilo la kwanza lina simu za bei ya chini na mitandao dhaifu. Wafanyakazi wenu peke yao hawatoshi.

Andika masharti ya kusimama kabla ya siku ya uzinduzi: malipo mara mbili yasiyogunduliwa na mfumo, hata moja, yanazima huduma. Swichi ya kuzima iwe kwenye seva, kwa kuwa programu iliyokwisha kupakuliwa huwezi kuirudisha. Nayo ijaribiwe hivi: anzisha malipo, zima huduma wakati mteja anaandika namba ya siri, kisha tazama. Maombi mapya lazima yakome, lakini ujumbe wa malipo yaliyokwisha kuanza uendelee kupokelewa na kuandikwa. Swichi ikifunga milango yote miwili kwa pamoja, kila mteja aliyekuwa katikati ya kulipa ataangukia HAIJULIKANI, na hilo ni kosa la kuzuia uzinduzi.