Usiku uliopigwa mchana: mbona bado unaonekana mchana?

Swali: Jambo mwalimu. Tumepiga sini ya usiku saa sita mchana hapa Goma, upande wa Himbi: dada mmoja anatoka ziwani na kupanda kwenda nyumbani. Nilipunguza mwanga stopu tatu, kisha kwenye DaVinci Resolve ya bure nikashusha kila kitu na kuweka bluu. Bado inaonekana ni mchana wenye bluu, na uso wa dada umejaa chengachenga. Kamera inarekodi biti 8. Jumamosi tunaweza kurudia. Nifanye nini?

Jibu: Ndugu, giza unalo la kutosha. Ulichokosa ni mpangilio wa mwanga. Mchana, mbingu ndiyo inayong'aa kuliko vyote kwenye picha. Usiku wa sinema mtazamaji anategemea kinyume chake: mbingu iwe kati ya vitu vyeusi kabisa, na mwanga ubaki mahali pachache padogo, kama ukingo wa bega, maji, au dirisha lenye taa. Ukishusha picha nzima kwa pamoja, mbingu inaendelea kuongoza, ila kwa sauti ya chini.

Kwa hiyo Jumamosi anza na saa. Goma iko karibu sana na ikweta, na saa sita jua liko karibu utosini. Kivuli kinakaa chini ya nyusi na kidevu, na hakuna mwezi unaomulika watu hivyo katika filamu. Subiri saa kumi alasiri, jua likiwa kama digrii 30 juu ya upeo. Elekeza kamera magharibi ili jua limpige dada mgongoni, na lenyewe libaki nje ya fremu. Sasa jua limekuwa mwezi: linachora nywele na mabega, uso unabaki kivulini, na mng'ao kwenye maji ya Kivu unafanana kabisa na wa mbalamwezi. Panda na kamera juu kidogo, uiinamishe, ili nyuma yake yawe mawe meusi ya volkano na maji badala ya mbingu. Udongo wetu mweusi ni zawadi kwa kazi hii. Adui ni mabati mapya: yakipigwa na jua yanatoa doa jeupe lisilorudi hata ukilishusha, linageuka kijivu bapa. Sogeza fremu uyaache nje.

Mwanga upime kwenye uso wa dada, si kwenye wastani wa picha nzima. Uso ulio kivulini tayari uko stopu mbili au tatu chini ya sehemu zenye jua. Ukipunguza tatu nyingine juu ya hizo, kamera ya biti 8 inabakiwa na ngazi chache mno za kuchora ngozi, na hizo ndizo chengachenga zako. Toleo la bure la Resolve halina kiondoa chenga, kwa hiyo zuia tatizo mlimani kabla halijafika mezani. Lengo: uso uwe stopu mbili hivi chini ya kawaida, na ukingo wenye jua usikatike juu. Ukiwa na ISO 100, f/4 na shata 1/50, kichujio cha ND32 kinakufikisha karibu hapo. Bila kichujio utalazimika kufunga hadi f/22 au kupandisha shata hadi 1/1600, na vyote viwili vinafichua mchana: kwa cha kwanza kila kitu hadi upeo wa macho kinakuwa kikali, kwa cha pili mwendo unakatakata. Uso ukizama mno, weka ubao mweupe wa polisterini mita mbili kutoka kwake. Usitumie karatasi ya kung'aa. Inarudisha jua jingine.

Rangi ya mwanga iweke kwenye 4300K hivi. Wengi wanaweka 3200K ili wapate bluu bure, lakini kwa biti 8 hiyo inanyima njaa chaneli nyekundu, na ngozi imesimama hasa juu ya chaneli hiyo.

Tukija kwenye rangi, mbingu inatangulia. Kwenye nodi ya kwanza, kabla ya kushusha chochote, ichague kwa Qualifier huku picha ikiwa bado na mwanga wake. Ukishusha kwanza, tofauti ya mbingu na majani unakuwa umeifuta mwenyewe. Tumia upande wa Luminance peke yake, maana rangi za kamera nyingi za biti 8 zinahifadhiwa kwa usahihi mdogo, na ukichagua kwa rangi ukingo wa nywele unatoka na meno ya msumeno. Ongeza Power Window ya mstari juu ya upeo wa macho, uipe ukungu mpana, uifuatishe kwa Tracker. Kisha shusha mbingu hadi ikae chini ya 100 kwenye kipimo cha Waveform cha 0 hadi 1023. Ukiona utepe mweupe ukizunguka kichwa au matawi ya mkaratusi, punguza Blur Radius na urekebishe In/Out Ratio. Kama utepe haufi, basi mbingu ilikatika kwenye kamera na mwanga wake umekula kingo za majani. Hapo hakuna nodi itakayokuokoa, kata fremu chini ya mbingu.

Nodi ya pili ndiyo inayoshusha vingine. Huwa ninalenga uso kati ya 150 na 250, na ukingo wa bega 350 hadi 450. Usiende chini zaidi kwa ajili ya uzuri wa ekrani yako, watu wataangalia kwenye simu juani.

Halafu rangi. Katika mwanga hafifu jicho la binadamu linapoteza nyekundu kwanza, na bluu inadumu. Jan Purkyně, mwanasayansi wa Kicheki, alilieleza hili mwanzoni mwa karne ya 19. Kitenge chekundu cha dada kikibaki chekundu, ndicho kitakachosema ni mchana hata kama mengine yote ni sahihi. Shusha Saturation kutoka 50 hadi 22 hivi, kisha kwenye Hue vs Sat na Hue vs Lum uvute nyekundu chini mpaka kitenge kikaribie weusi. Fanya taratibu, kwa kuwa ngozi nayo iko jirani na nyekundu. Ikianza kuwa na rangi ya majivu, zungushia uso Power Window na uurudishe kidogo. Bluu iweke kwenye Gain, kidogo tu, na Lift uiache bila rangi: weusi ubaki weusi. Bluu yako ya sasa nadhani iko kwenye Offset, imepaka hadi vivuli, ndiyo maana picha inafanana na kioo cha miwani.

Dirisha la nyumbani lifanyie kazi mwishoni. Balbu haiwezi kushindana na jua, kwa hiyo usihangaike kuiwasha. Chora Power Window juu ya kioo, pandisha Gain hadi kioo kifike 700 au 800 kwenye Waveform, ielekeze kwenye rangi ya machungwa, kisha chora nyingine pana na dhaifu ukutani chini yake. Bila ile ya pili, dirisha linaonekana limebandikwa.

Nyota acha. Mwezi ukiuhitaji kabisa, uweke upande lilikokuwa jua, na uupime: kwa lenzi ya milimita 50 kwenye fulu fremu, mwezi mpevu una upana wa pikseli 23 tu katika picha ya pikseli 1920. Ule wa ukubwa wa sahani unaobandikwa kila siku ni wa lenzi ya milimita mia kadhaa.

Kabla ya kutoa faili, ongeza punje nyepesi juu ya picha yote. Mbingu laini iliyoshushwa katika biti 8 inajigawa kuwa mistari kama ngazi, na punje ndizo zinazovunja ngazi hizo. Toa kwa bitreti kubwa, la sivyo mkandamizo wa faili utazifuta punje na kuirudisha mistari.