Barua ya kuomba mali kauli: anza na sukari unayouza kwa siku

Kabla sijafungua duka langu, nilifanya kazi kwenye meza ya hesabu ya duka moja la jumla hapa Morogoro. Barua za kuomba mali kauli zilipita kwangu kwanza kabla hazijamfikia tajiri. Nyingi zilijaa heshima na shida za mtaji, halafu mwishoni mwombaji akaandika anaomba mzigo wa milioni tatu. Tajiri aliruka maneno yote hayo. Alitafuta mambo matatu tu: unauza kiasi gani kwa mwezi, unaomba deni la kiasi gani, na utalilipa baada ya siku ngapi. Hayo matatu yasipokubaliana, barua inarudi chini ya rundo.

Mwombaji mmoja mwenye duka jipya Kihonda aliandika kwamba anatarajia kuchukua mifuko 40 ya sukari kwa mwezi, ile ya kilo 50. Tajiri alichukua kikokotoo mbele yangu. Mifuko 40 ni kilo 2,000, sawa na kilo 67 hivi kwa siku. Wateja wa uswahilini wengi wananunua robo, kwa hiyo duka lile lingehitaji watu karibu 270 kila siku wa sukari peke yake. "Huyu anauzia jeshi?" akauliza, na barua ikaishia hapo. Bwana yule hakuwa mwongo. Alidhani namba kubwa itamfanya aonekane mteja wa maana, na wengi wanadhani hivyo.

Chukua daftari lako ufanye kinyume, anza na mauzo ya siku. Tuseme duka lako linatoa kilo 14 za sukari kwa siku. Kwa wiki ni karibu kilo 100, yaani mifuko miwili, na kwa mwezi ni minane. Mafuta ya kupikia unamaliza ndoo tatu za lita 20 kwa wiki, 12 kwa mwezi. Unga na sabuni za mche nazo zinatoka, ila sabuni inakaa rafuni. Ziandike kwenye matarajio yako ya mwezi ili ajue ukubwa wa duka, lakini mali kauli omba ya sukari na mafuta tu, na useme hivyo wazi. Bidhaa inayokaa rafuni wiki tatu haiwezi kulipa deni la siku 10. Tajiri akiona umelijua hilo mwenyewe, atakusoma kwa jicho lingine.

Sasa weka fedha. Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo tumia ya siku unayoandika. Tukichukulia mfuko wa sukari Sh 135,000 na ndoo ya mafuta Sh 95,000, mzigo wa wiki moja ni Sh 270,000 ya sukari na Sh 285,000 ya mafuta, jumla Sh 555,000. Hapo ombi lako limeshapatikana: ukomo wa deni Sh 600,000, mzigo wa wiki moja, kulipwa ndani ya siku 10. Mzigo unaisha siku ya saba, na siku tatu za ziada ni za wale majirani wanaosema "niandikie, nakuja jioni". Ukilipa siku ya saba, unachukua mwingine siku hiyohiyo. Deni moja linafungwa kabla jingine halijafunguliwa, na hiyo ndiyo lugha anayoipenda mwenye mzigo.

Angalia mtego mmoja. Ukiomba siku 14 huku ukichukua mzigo kila wiki, utakuwa na mizigo miwili nje kwa wakati mmoja, Sh 1,110,000. Ukomo wa Sh 600,000 hautatosha, na wiki ya pili karani atakuzuia kaunta ukiwa umeshakodi guta.

Aya ya katikati ya barua inaweza kuwa hivi:

"Kwa mwezi natarajia kununua kwako sukari mifuko 8 ya kilo 50, mafuta ndoo 12 za lita 20, unga wa sembe mifuko 20 ya kilo 25 na sabuni za mche katoni 10. Unga na sabuni nitalipa taslimu. Kwa sukari na mafuta naomba mali kauli isiyozidi Sh 600,000 kwa wakati mmoja, nilipe ndani ya siku 10 tangu kupokea mzigo, na nisichukue mzigo mpya kabla ya kumaliza wa nyuma. Naomba pia kujua kama bei ya mali kauli ni sawa na ya taslimu."

Sentensi ya mwisho usiione ndogo. Maduka mengi ya jumla yana bei mbili, na tofauti ya elfu mbili kwa mfuko inaweza kumeza sehemu kubwa ya faida yako ya sukari.

Namba hizo zinahitaji ushahidi. Ambatisha nakala za TIN, leseni ya biashara na kitambulisho cha NIDA, lakini hivyo vinaonyesha wewe ni nani tu. Kinachoonyesha unanunua nini ni risiti za EFD za mizigo uliyolipia taslimu. Kila unaponunua, omba TIN yako iingizwe kwenye risiti, la sivyo huwezi kuthibitisha kwamba ni yako. Zitoe nakala mapema, maana karatasi ile inafifia, ukiiweka juani maandishi yanapotea, na karibu na jiko inageuka nyeusi. Taarifa ya lipa namba ya miezi mitatu nayo inasaidia.

Kuhusu watu wa kuulizwa habari zako, wengi wanaweka mwenyekiti wa mtaa na kiongozi wa dini. Hao ni wazuri kuthibitisha unapoishi. Lakini nilipokuwa nawapigia simu, maswali yangu yalikuwa: anachukua mzigo wa kiasi gani kwako, analipa baada ya siku ngapi, amewahi kukukimbia? Mwenyekiti hawezi kuyajibu. Wa kuyajibu ni anayekuachia mikate asubuhi na kukusanya hela jioni, mwenye fremu unayemlipa kodi, au mweka hazina wa kikundi chenu cha kukopeshana. Wawili wanatosha. Andika kwa kila mmoja mmefanya kazi pamoja tangu lini na kwa jambo gani, na uwaambie kabla kwamba watapigiwa. Niliwahi kumpigia mtu akajibu, "Huyo nani tena?" Hapo hakuna barua inayopona.

Andika pia kwamba watu hao ni wa kutoa taarifa tu, si wadhamini. Mdhamini anakubali kulipa usipolipa wewe, na mwenye fremu akisikia neno hilo kwenye simu anaweza kuogopa akakuharibia. Tajiri akitaka mdhamini, hayo ni mazungumzo mengine, tena ya ana kwa ana.

Ukiandika karibu na Ramadhani, wakati sukari inatoka sana, mweleze kuwa mwezi huo utahitaji zaidi, lakini usiufanye kipimo cha mwaka mzima. Januari ada za shule zinapowabana watu, utakwama.

Mara nyingi jibu la kwanza ni "anza na taslimu tuone". Likubali, ila muulize: tuone kwa muda gani na kwa mzigo wa kiasi gani? Akisema miezi miwili, nunua kwake peke yake sukari na mafuta kwa kiasi kilekile ulichoandika, risiti zote ziwe na TIN yako, kisha rudi na barua ileile ukibadilisha tarehe na bei.