Barua kwa mwanangu: ile ankara ya elfu tatu

"Mama shikamoo. Asha ametimiza miaka kumi na anataka awe anakaa na mimi dukani akitoka shule. Nimruhusu, au nimwache na madaftari yake tu?"

Mwanangu Zaina,

Marahaba mama. Huku Mwanga, Kigoma, hatujambo, mguu wa baba yako unaendelea vizuri, na mvua zimeanza. Barua yako nimeisoma mara mbili, halafu nikaenda kulitoa lile kopo la maziwa la juu ya kabati. Unalijua. Nilikuwa natafuta kitu kimoja, na nimekipata.

Wewe ulikuwa darasa la nne. Mwajuma alikuwa bado anakaa Ujiji kwa bibi yenu, kwa hiyo pale sokoni tulikuwa mimi na wewe tu. Ulikuwa unakuja na sare ya shule, unakula mihogo yako nyuma ya magunia, kisha unakaa kwenye lile debe la mawese lililofunikwa ubao. Siku hiyo mzigo ulikuja na mkokoteni kutoka kwa tajiri wetu wa jumla kule mjini, njia ya stesheni. Aliyeuleta alikuwa yule karani kijana mwenye shati la mikono mirefu, ambaye alikuwa akikuita "mwalimu". Nina hakika unamkumbuka.

Mimi nilifanya kama nilivyofanya siku zote: nilihesabu mifuko, nikahesabu katoni, nikapapasa pembe za mifuko ya sukari nione kama haijaloa. Mzigo ulikuwa sawa. Ankara niliitupia jicho pale chini penye jumla, nikaanza kufungua kanga nitoe pesa. Miaka yote ile nilikuwa nahesabu mali, karatasi siijumlishi. Nilijiambia kwamba tajiri ana karani, karani amesoma, mimi niliishia la saba.

Wewe ulikuwa umeishika ile karatasi. Naiandika hapa kama ilivyo, maana ninayo mkononi:

Sukari, mifuko 2: 55,000
Unga wa ngano, mifuko 2: 29,800
Sabuni ya miche, katoni 4: 34,800
Chumvi ya Uvinza, mifuko 3: 13,800
Kiberiti, katoni 1: 9,700
Majani ya chai, katoni 1: 12,600
Jumla: 152,700

Ukasema kwa sauti, mbele ya karani na wateja wawili waliokuwa wanasubiri mafuta: "Mama, hapa pamekosewa. Ni laki moja na hamsini na tano na mia saba."

Babu yako alikuwa na neno lake, na mimi nimelichukua kwake: hesabu haina mjomba. Haimpendelei tajiri, haimpendelei maskini. Nimewaambia hivyo tangu mnaanza kushika kalamu. Lakini siku hiyo, mwanangu, hesabu ilipokosea kwa kunipa mimi elfu tatu, nilitaka iwe na mjomba, na mjomba awe wangu. Nilikufinya paja. Nikakuambia, "Nyamaza, hujui kitu." Karani akacheka, akapokea laki na hamsini na mbili na mia saba, akaondoka na mkokoteni wake mtupu. Wewe ulirudi kwenye debe ukageukia ukutani.

Najua unajiuliza kwa nini naanza huku wakati umeniuliza habari za Asha. Nivumilie.

Jioni ile, ulipokwisha kulala, nilikaa na taa nikaijumlisha mwenyewe. Nilianza juu nikashuka chini, nikapata jumla yake karani. Nikasema, basi mtoto ndiye aliyekosea. Ila nikakumbuka kwamba kidole chako kilikuwa kinapanda, hakishuki. Ulikuwa umeanza kwenye majani ya chai ukaenda juu hadi kwenye sukari. Nikafanya hivyo. Safu ya mia: sita na saba kumi na tatu, na nane ishirini na moja, na nane ishirini na tisa, na nane thelathini na saba. Saba andika, tatu kichwani. Safu ya elfu: mbili na tisa kumi na moja, nikapanda hadi juu, thelathini na mbili. Na ile tatu ya kichwani, thelathini na tano. Karani alikuwa ameandika mbili pale penye tano. Alijumlisha safu yake vizuri kabisa, ila ile tatu ya kichwani aliisahau. Na mimi nilipokuwa nashuka njia ileile aliyopita yeye, nikiwa na jibu lake mbele ya macho, niliisahau palepale.

Nimeliwaza hilo miaka mingi. Ukiijumlisha hesabu ya mtu kwa njia yake, unakosea makosa yake. Macho yameshaona jibu, yanakusukuma kulifikia. Ukipanda kutoka chini, namba zinakutana kwa mpangilio mwingine, huwezi kukariri. Tena ukiona tofauti ni elfu tatu kamili, haina mia wala hamsini, angalia kwanza kama kuna bidhaa ya bei hiyo iliyorukwa. Pale hapakuwa na bidhaa ya elfu tatu. Basi ni namba ya kichwani iliyopotea njiani, kutoka safu ya mia kwenda safu ya elfu. Wewe ulilijua hilo ukiwa na miaka kumi, hata kama hukuwa na maneno ya kulisema.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo sikukuambia.

Ile ankara iliandikwa kwenye kitabu chenye kaboni. Karatasi ya juu nilipewa mimi, ya chini ikabaki kitabuni. Kwa hiyo kosa lilikuwa kwenye karatasi zote mbili, na pesa aliyopeleka karani ililingana na jumla iliyoandikwa. Mwenye kuangalia jumla tu asingeona kitu. Nilijipa moyo kwa hilo. Nikajiambia, hakuna atakayejua, elfu tatu kwa tajiri ni nini, na wewe ulikuwa unahitaji viatu. Usiku wa kwanza nililala hivyo. Wa pili nikaanza kusema, lakini mimi huyuhuyu wakinizidishia mia mbili napiga kelele hadi soko zima lisikie. Nikabishana na nafsi yangu mpaka kwenye adhana ya alfajiri.

Siku ya tatu niliteremka mjini kwa miguu, elfu tatu nimeifunga kwenye pindo la kanga. Nilimkuta tajiri mwenyewe kwenye meza ya karani. Nikamwonyesha karatasi. Hakushangaa. Alikuwa ameshapitia kitabu jana yake, mstari kwa mstari, na pesa amemkata yule kijana kwenye mshahara. Akapokea elfu tatu yangu. Akakata ile jumla kwa mstari mmoja kwenye karatasi zote mbili, bila kufuta, akaandika 155,700 juu yake na kutia sahihi pembeni. Nikamuuliza kama kijana atarudishiwa. Akasema, "Hayo ya ndani, mama."

Mzigo uliofuata uliletwa na mtu mwingine. Sikujua yule kijana alikwenda wapi, wala kama alirudishiwa chake. Pengine aliondoka kwa mambo yake mengine kabisa. Pengine. Lakini kama ningekusikiliza pale kwenye meza, lile lingekuwa jambo la dakika mbili: angechukua kalamu, angekata, angesahihisha, angeondoka na pesa kamili na kazi yake. Wewe ulikuwa unamsaidia yeye, na mimi nikakufinya.

Nilipaswa kukuambia jioni ileile niliporudi. Sikukuambia. Nilikununulia maandazi, ukala, ukanyamaza. Na tangu siku ile hukusoma tena ankara kwa sauti pale kwangu. Ulikuwa ukiona kosa, unaweka kidole tu juu ya namba na kunitazama usoni kwanza, uone naitaka au siitaki. Hicho ndicho kinachoniuma hata leo, kuliko elfu tatu na kuliko karani.

Haya, Asha. Wewe unaniuliza akae au asikae. Mimi ningekuuliza akikaa utamweka wapi, na siku akisema "mama, pamekosewa" na kosa lenyewe linakufaa wewe, utafanya nini na mkono wako. Mtoto hafundishwi kujumlisha dukani, shuleni wanamfundisha vizuri zaidi. Dukani anajifunza kama jibu sahihi linapendwa au halipendwi.

Utasema siku hizi risiti zinatoka kwenye mashine. Ni kweli, mashine haisahau namba ya kichwani. Lakini mashine inajumlisha ulichoingiza. Karani akibonyeza mifuko mitatu badala ya miwili, itakupa jumla safi kabisa ya mali ambayo hukuipata. Kwa hiyo kazi ya Asha si kama yako. Asimame na karatasi mkono mmoja, mkono mwingine uguse mfuko, mfuko mmoja mstari mmoja, halafu aangalie bei ya kimoja mara idadi. Jumla iwe ya mwisho. Na hao wanaoandika kwa mkono bado wapo wengi, wa mchele na wa mkaa hasa. Ankara zao azipandie kutoka chini.

Nikisema akae, utasema mama ameamua. Nikisema asikae, Mwajuma atasema nilikutumikisha wewe halafu namwonea huruma mjukuu. Nina langu moyoni na linakaribia kunitoka kwenye kalamu, lakini duka ni lako na mtoto ni wako. Ila saa moja tu, mwanangu, na awe amekula kwanza. Hilo si kuamua.

Ankara nimeitia humu kwenye bahasha. Nakuomba uisome wewe kwanza. Utaona mstari mmoja wa tajiri na namba ya zamani bado inasomeka. Kisha ukunje ile sehemu ya chini penye jumla, umpe Asha ajumlishe, na umwache aseme kwa sauti anavyotaka.

Mjomba wako Ramadhani anapanda treni ya kuja huko Tabora, nimempa barua hii na dagaa wa Kibirizi kwenye kiroba cheupe. Wamekauka vizuri, usiwaanike tena. Nusu ni za mama mkwe wako.

Mimi mama yako.