Na wale wengine uliwatumia nini?

Swali la wiki: "Umeshatuma barua pepe, ndipo unagundua umeambatisha faili silo, au barua uliyoiandikia kampuni nyingine. Unawaandikia nini?"

Mimi niliandika mara mbili. Ya kwanza, bahati nzuri, haikutoka.

Usiku mmoja nilituma maombi ya kazi sehemu mbili. Barua zote mbili nilikuwa nimezihifadhi kwa jina lilelile, "Barua ya maombi", kila moja kwenye folda yake. Asubuhi nikafungua kiambatisho kwenye barua zilizotumwa, nikakuta kampuni ya kwanza nimeiambia kwamba tangu nikiwa chuoni nimetamani kufanya kazi katika kampuni nyingine, kwa jina lake kamili.

Nilianza kwa kutafuta namna ya kuirudisha. Muda ulishapita. Gmail inakupa sekunde 30 za kutengua, tena kama umeuweka muda huo mwisho kabisa kwenye mipangilio. Outlook ina njia ya kuita barua irudi, lakini inafaa pale mtumaji na mpokeaji wanapokuwa ndani ya taasisi moja. Barua iliyokwenda nje imekwenda.

Basi nikaandika maelezo marefu: uchovu, kompyuta nzito, jinsi nisivyo mtu wa makosa ya namna hii. Kabla ya kutuma nikampigia dada yangu, ambaye ni afisa utumishi na husoma maombi ya watu kila siku, nikamsomea. Akanikatiza katikati: "Sasa hapo nisome maombi yako au utetezi wako?" Tukakata mpaka ikabaki hivi:

"Ndugu Meneja, katika barua pepe niliyotuma jana usiku, kiambatisho cha barua ya maombi kilikuwa cha kampuni nyingine. Barua sahihi ni hii niliyoambatisha hapa. Naomba itumike badala ya ile. Wasifu na vyeti vya jana havijabadilika. Samahani kwa usumbufu."

Chini yake jina na namba ya simu, basi.

Sentensi niliyotaka kuifuta ndiyo dada aliyoing'ang'ania: ile ya wasifu na vyeti. Mpokeaji akiona neno "marekebisho" hajui kama aanze upya na mafaili yote au abadilishe moja tu, na akilazimika kukuuliza, kosa lako limeshamwongezea kazi. Kampuni ile nyingine hatukuitaja. Kama wameshasoma wanaijua, na kama hawajasoma hakuna haja ya kuwaonyesha. Nilitaka pia kuandika "tafadhali msiifungue ile ya jana", dada akacheka: nani ataacha kuifungua baada ya hapo?

Niliituma kwa kujibu barua yangu mwenyewe ya jana, ile ya zamani ikabaki inaonekana chini, na kwenye mada nikatanguliza neno "Marekebisho" mbele ya jina la nafasi. Faili nililipa jina langu pamoja na jina la kampuni. Kisha, na hapa ndipo wengi huanguka mara ya pili, nikalifungua kutoka ndani ya barua pepe yenyewe kabla ya kutuma. Kulifungua kwenye folda hakukuhakikishii kitu, kwa sababu kosa la kwanza lilifanyika wakati wa kuchagua faili. Marekebisho yanayohitaji marekebisho hayana maneno mazuri ya kuyaeleza.

Upole huu unatosha pale ambapo aliyeaibika ni wewe peke yako. Kama faili lililopotea njia lina bei ulizompa mteja mwingine, au mishahara ya watu, ujumbe unabaki mfupi ila unaongezewa ombi: "Naomba faili lile lifutwe bila kusambazwa, na unijulishe likishafutwa." Na kabla ya hapo unamwambia mkuu wako, kwa sababu siri ile si yako, na mwenyewe huenda akatakiwa kuarifiwa.

Mchana nikajibiwa: "Imepokelewa, asante." Nikampigia dada kumshukuru. Akaniuliza, "Na wale wengine uliwatumia nini?"

Sikuwa nimeangalia. Nikafungua: wao walikuwa na barua ya hawa. Nikanakili ujumbe uleule ambao ulishanivusha, nikabadilisha faili, nikalifungua kutoka ndani, lilikuwa lenyewe. Kidole kikiwa tayari kwenye kitufe cha kutuma, nikatupa jicho kwenye mada. Bado ilikuwa na jina la nafasi ya kampuni ya kwanza.