Mkono kwanza, kisha shingo: kutofautisha shoki tatu kando ya kitanda

Ukianza kazi kwenye chumba cha dharura, utakabidhiwa wagonjwa wenye maelezo mafupi: "presha imeshuka." Namba hiyo peke yake haikwambii ufanye nini. Presha ya damu inatokana na mambo mawili: damu inayosukumwa na moyo kila dakika, na ukinzani wa mishipa inayoipokea. Inaweza kushuka kwa sababu moyo unasukuma kidogo, au kwa sababu mishipa imelegea huku moyo ukisukuma kwa nguvu zote. Na pale moyo unaposukuma kidogo, bado hujajua kama umekosa damu ya kusukuma au umejaa na umeshindwa kuitoa. Mambo hayo yote unaweza kuyakadiria kwa mikono na macho yako kabla majibu ya maabara hayajarudi.

Chukua wagonjwa wawili waliofika zamu moja. Wa kwanza ni mzee wa miaka 64 mwenye kisukari. Ameletwa akiwa na kikohozi, anahema mara 30 kwa dakika, joto la mwili 37.9, mapigo 116, presha 86/68. Karatasi ya rufaa imeandikwa nimonia na sepsisi. Wa pili ni mama wa miaka 50 mwenye maumivu ya ubavuni na homa ya 39.2, mapigo 120, presha 84/36. Ukitazama presha ya juu tu, hawa wawili wamelingana, na wengi wangewafungulia wote dripu ya haraka.

Sasa toa presha ya chini kwenye presha ya juu. Kwa mzee pengo ni 18, yaani karibu asilimia 21 ya presha yake ya juu. Kwa mama pengo ni 48, zaidi ya nusu. Pengo hilo linafuata kiasi cha damu kinachotoka kwenye moyo kwa kila pigo, na likiwa chini ya robo ya presha ya juu, shuku kwamba moyo unatoa kidogo. Presha ya chini nayo ina habari yake: 36 inaonyesha mishipa imelegea, damu inatiririka kwenda mbele bila kuzuiwa. Ile 68 ya mzee inaonyesha mishipa imejikaza kushikilia presha isianguke zaidi. Kokotoa presha ya wastani, yaani presha ya chini ukijumlisha theluthi ya pengo: mzee anapata 74, mama 52. Kwenye mashine mzee anaonekana nafuu. Usimwache kwa sababu hiyo.

Baada ya hapo shika mikono yao. Weka kiganja chako kwenye vidole, panda hadi kwenye kiwiko, kisha nenda magotini. Inua kidole cha mgonjwa usawa wa moyo, kibonyeze kwa sekunde 10, uachie na uhesabu hadi rangi irudi. Zaidi ya sekunde 3 si kawaida. Mikono ya mzee ni baridi hadi karibu na kiwiko, ina jasho, rangi inarudi baada ya sekunde 5, na magoti yana mabaka ya zambarau. Mama ana mikono ya moto, rangi inarudi chini ya sekunde 2, na mapigo ya kifundo cha mkono yanagonga kidole kwa nguvu. Ngozi baridi maana yake mishipa imejifunga na damu inayofika hapo ni kidogo. Ngozi ya moto yenye presha iliyoanguka maana yake mishipa imefunguka. Mama huyu, ukijumlisha na homa na ubavu unaouma, ana shoki ya sepsisi. Mtoe damu ya kuotesha, mpe antibayotiki na maji, na andaa noradrenalini mapema ikiwa presha ya wastani haifiki 65.

Kwa mzee mkono umekwambia nusu tu, kwa kuwa anayevuja damu tumboni naye ana mikono baridi na pengo jembamba. Kinachowatenganisha ni ujazo wa moyo, na huo unausoma shingoni.

Hatua hii hurukwa sana, kwa hiyo jipe dakika nzima. Inua kichwa cha kitanda nyuzi 45, geuza uso wa mgonjwa kidogo kushoto, mulika tochi kwa ubavu, na utafute mahali pa juu kabisa ambapo mshipa wa upande wa kulia unacheza. Mcheo wa vena ni laini, una mawimbi mawili kwa kila pigo na hauhisiki kwa kidole; ule wa ateri unagonga mara moja na unahisika. Pima urefu wa wima kutoka kwenye kifundo cha mfupa wa kidari, pale ubavu wa pili unapoungana nao. Zaidi ya sentimita 3 au 4 ni juu. Usipoona kitu, usiandike haraka kwamba mishipa ni mitupu: huenda imejaa hadi nyuma ya sikio. Mkalishe wima utazame tena. Kama bado huoni na anaweza kulala, mlaze chali. Mishipa isiyojaa hata akiwa amelala inaonyesha upungufu wa damu au maji.

Kwa mzee mcheo uko sentimita 7 juu ya kifundo. Mapafu yanachakacha pande zote hadi katikati, na kuna sauti ya tatu ya moyo. Moyo umejaa na hausukumi: hii ni shoki ya moyo. ECG ya haraka inaonyesha ST imepanda kuanzia V1 hadi V4. Dripu ya haraka ingemzamisha mapafu. Anahitaji oksijeni, dawa ya kuutegemeza moyo na presha, na kufunguliwa mshipa wa moyo ulioziba. Kama shingo ingekuwa tupu na mapafu makavu, hiyo ingekuwa shoki ya tatu, ya upungufu wa damu au maji, na ungetafuta damu inapopotelea, hata kama hajatapika damu wala kuiharisha.

Shingo ikijaa wakati mapafu ni safi, tatizo huenda liko kwingine: maji yamebana moyo, donge la damu limeziba ateri ya mapafu, hewa imebana pafu, au upande wa kulia wa moyo umeumia. Weka ultrasaundi hapo mapema ukiwa nayo.

Dalili hizi zina mipaka. Mgonjwa wa sepsisi ambaye hajapata maji bado, au ambaye moyo wake umelegezwa na ugonjwa, anaweza kuwa baridi. Ndiyo maana unarudi kumshika mkono baada ya kila chupa. Mzee mwenye ateri ngumu, au mwenye vali ya aota inayovuja, atakuwa na pengo pana hata moyo ukitoa kidogo. Anayetumia dawa za kupunguza mapigo hatakimbiza moyo hata akivuja damu.

Ukibaki na shaka kama maji yatasaidia, na mapafu hayajajaa, jaribu kuinua miguu. Anza kiwiliwili kikiwa nyuzi 45, kisha inamisha kitanda ili kiwiliwili kilale na miguu ipande nyuzi 45. Pima presha ndani ya dakika moja. Pengo likipanuka waziwazi, moyo una nafasi ya kupokea maji zaidi. Lisipobadilika jibu halijafungwa, kwa kuwa mashine ya mkononi hukosa mabadiliko madogo. Hapo toa maji kidogo kidogo, mililita 250 kwa mara, na usikilize mapafu kabla ya kuongeza.