Kabla hujaamini umefika mwisho wa misuli yako, pima kiuno

Miaka miwili iliyopita, baada ya miaka minne ya kunyanyua vyuma, jamaa mmoja wa jimu aliniambia, "Kaka, mwili wako umeshagota. Bila sindano za steroidi huendi popote." Nilirudi nyumbani nimenuna, nikaitafuta kanuni ya Casey Butt, inayokadiria misuli yako inaweza kufika wapi bila dawa. Butt alichukua vipimo vya mabingwa wa kutunisha misuli waliohesabika kuwa hawatumii dawa, wa tangu 1947 hadi 2010, akatafuta uhusiano kati ya misuli yao na ukubwa wa mifupa yao. Kanuni yenyewe ni hii:

```
LBM = H^1.5 * (sqrt(W)/22.6670 + sqrt(A)/17.0104) * (1 + BF/224)
```

H ni urefu wako, W ni mzunguko wa kifundo cha mkono, A ni wa kifundo cha mguu, vyote kwa inchi. BF ni asilimia ya mafuta unayotaka kubaki nayo. Jibu, LBM, ni uzito wa mwili ukitoa mafuta, kwa paundi.

Mara ya kwanza niliingiza sentimita. Nikaambiwa naweza kufikisha paundi 1,097, yaani karibu nusu tani, bila mafuta. Kwa hiyo chukua tepu ya fundi cherehani na ugeuze upande wa inchi, au gawanya sentimita zako kwa 2.54.

Mkono unapimwa mbele ya kile kifupa kilichochomoza upande wa kidole cha mwisho, yaani kati ya kifupa na kiganja. Mguu unapimwa pale ulipo mwembamba kabisa, juu kidogo ya mifupa miwili ya kifundo. Wengi huzungusha tepu juu ya mifupa yenyewe na kujizawadia sentimita mbili tatu. Pima asubuhi, kwa sababu ukisimama kutwa, miguu huvimba.

Mimi nina urefu wa sm 173, mkono sm 17, mguu sm 22. Kwa inchi ni 68.1, 6.69 na 8.66. Nikaweka mafuta asilimia 12. Jibu likaja paundi 170, sawa na kilo 77 zisizo na mafuta. Ukiongeza mafuta yenyewe, ningesimama kwenye mizani na kilo 87 na ushee.

Wakati huo nilikuwa na kilo 76. Kwa kujitazama kwenye kioo cha jimu, chini ya ile taa ya juu inayompendeza kila mtu, nilijikadiria mafuta asilimia 12. Hiyo ingekuwa kilo 67 zisizo na mafuta: zimebaki kumi tu. Nikaanza kuona yule jamaa ana hoja.

Halafu nikapima kiuno usawa wa kitovu, bila kuvuta tumbo ndani: sm 88. Shingo sm 37. Nikatumia njia ya jeshi la majini la Marekani, inayokadiria mafuta kwa kiuno, shingo na urefu. Ikatoa asilimia 20. Kumbe kilo zangu zisizo na mafuta zilikuwa 61 hivi, na pengo lilikuwa kilo 16. Sikuwa nimegota, nilikuwa nimenenepa.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa kubwa liko wapi. Ukikosea mkono kwa sentimita nzima, jibu linasogea kwa takriban kilo moja, na mguu vivyo hivyo. Ukikosea mafuta yako ya sasa kwa asilimia nane, kama mimi, unajidanganya kwa kilo sita. Watu hubishana kuhusu mkono mwembamba na kusahau kitambi.

Na hiyo 77 usiichukue kama ahadi. Vipimo vilitoka kwa mabingwa, si kwa mtu wa kawaida anayepita jimu akitoka kazini. Tena vidonge vya steroidi vilikuwa sokoni tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na hakuna awezaye kuapa kwamba kila bingwa wa orodha ile alikuwa safi. Mimi naihesabu kama dari ambalo huenda nisiliguse. Pia usiweke BF ya asilimia 25 ili upate namba kubwa. Kanuni itakupa, lakini mabingwa wale walipimwa wakiwa wamekauka, kwa hiyo huko juu inabahatisha tu.

Sindano sikununua. Nilipunguza chakula taratibu hadi kiuno kikaanza kushuka, kisha nikarudi kula kidogo zaidi ya ninachotumia, huku nikipima kiuno kila Jumapili asubuhi. Mwezi uliopita nilikuwa na kilo 79, kiuno sm 84, shingo sm 39. Mafuta ni kama asilimia 16, hivyo zisizo na mafuta zimefika 66 na kitu. Zile kilo 67 nilizodhani ninazo, ndiyo kwanza nazikaribia.