Barua ya kwanza kwa rafiki wa nje: hujambo, habari au mambo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha nne hapa Iringa, nimepata rafiki wa barua yuko Leipzig Ujerumani, ana miaka 19 na anajifunza Kiswahili chuoni, ameomba tuandikiane kwa Kiswahili. Sijui nianze na hujambo, habari au mambo, na mwenzangu darasani anasema lazima niweke ile ya "ama baada ya salamu". Halafu kujitambulisha nimeandika "jina langu naitwa Neema", ni sawa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Anza na hujambo, na sababu yake ni hii. Salamu zetu nyingi zina nusu mbili, mmoja anatoa mwingine anarudisha, shikamoo inangoja marahaba, mambo inangoja poa, hata hodi inangoja karibu. Sasa kwenye barua yule wa kurudisha hayupo, atakuja kuisoma baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo salamu inayofaa ni ile ambayo wewe mwenyewe unaweza kuandika nusu zote mbili na ikasomeka vizuri. "Hujambo? Mimi sijambo." Hapo umeuliza, umetoa na ya kwako, na mwenzako akijibu ataendelea palepale ulipoishia, "mimi pia sijambo". Mambo ni ya uso kwa uso au ya meseji, mtu anajibu sekunde ileile, ukiiweka kwenye karatasi inabaki inaning'inia, tena kwa mtu ambaye hamjaonana hata siku moja ni kujizoesha mapema mno.

Na kwa mtu anayejifunza, hujambo ina faida nyingine. Ndani yake mna neno jambo, yaani unamuuliza huna jambo lolote baya lililokupata, na sijambo maana yake sina. Mwanafunzi wa Kiswahili akiona hu- na si- anazitambua mara moja kwa sababu ndizo anazofundishwa kwenye vitenzi vya kukanusha, kwa hiyo salamu yako anaielewa hadi mzizi wake, haikariri tu.

Habari nayo sio mbaya ila angalia unaifuatisha na nini. "Habari za asubuhi" hujui atafungua bahasha saa ngapi. "Habari za siku nyingi" na "habari za tangu tuachane" ni za watu waliowahi kuonana, na nimeshasahihisha barua za aina hii nyingi sana, mtoto anaandika kwa mara ya kwanza kabisa kwa mtu asiyemjua halafu anamuuliza habari za siku nyingi, kwa sababu tu ndivyo alivyoona barua za nyumbani zinavyoanza. Kwako wewe inayofaa ni "habari za huko", na ukiiandika mpe na nusu ya pili, "za huku ni njema".

Hapo kwenye huku na huko tulia kidogo maana ndipo barua nyingi zinapochanganya. Huku ni pale ulipo wewe unayeandika, huko ni pale alipo anayesoma. Ukiandika "natumaini hali ya hewa ya huku ni nzuri" umemuuliza habari za Iringa, na yeye Iringa hajafika. Ukitaka kuhakikisha, ongeza kwetu na kwenu, andika "huku kwetu" na "huko kwenu", kama ulikosea neno moja la pili litakushtua mwenyewe unaposoma tena.

Sasa ile ya mwenzako. "Ama baada ya salamu" ni njia ya zamani, imetoka kwenye barua za Waarabu, wao waliandika salamu kwanza halafu wakaweka amma baadu, yaani sasa tugeukie lenyewe lililonileta, na watu wa pwani wakaichukua hivyohivyo. Ni nzuri, mimi naipenda, lakini fikiria huyo kijana wa Leipzig na kamusi yake. Kamusi itamwambia ama ni sawa na au. Atasoma "au baada ya salamu" atasubiri chaguo la pili na halitakuja. Kama unataka kuiweka iweke kwenye barua ya tatu au ya nne na umweleze, atafurahi, ila kwenye ya kwanza sema tu "baada ya salamu ningependa kujitambulisha".

Na ile ndugu yake, "hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu", hiyo usiiweke kabisa. Kwa mama aliyeachana na mtoto wake stendi ni maneno ya kweli, wasiwasi upo. Wewe na huyu hamjawahi kuonana, hofu itoke wapi? Na yeye akifungua kamusi atakutana na hofu, halafu mashaka, halafu juu, atadhani kuna hatari inamjia kichwani. "Natumaini u mzima wa afya" inatosha kabisa.

Tuje kwenye jina. "Jina langu naitwa Neema" sio sawa, ingawa utaisikia kila siku redioni na kwenye mikutano. Umeanza na jina langu, kwa hiyo tunasubiri tusikie jina hilo ni lipi, halafu ghafla kitenzi kinasema na-, yaani mimi. Jina haliitwi mimi. Chagua mlango mmoja, ama "jina langu ni Neema" ama "mimi naitwa Neema". "Kwa jina naitwa Neema" pia inakubalika kwa sababu pale kwa jina ni kieleza tu, mwenye kitenzi bado ni wewe. Sasa ukishaujua ugonjwa huu utauona kila mahali. "Umri wangu nina miaka 17" ni uleule, sema "umri wangu ni miaka 17" au "nina miaka 17" au "nina umri wa miaka 17", na hapo mwisho usiidondoshe ile wa. "Kabila langu ni Mhehe" nao ni binamu yake, kabila ni Wahehe, Mhehe ni wewe mtu mmoja, kwa hiyo sema "mimi ni Mhehe" na mambo yameisha. Mtu anayejifunza atakuiga wewe neno kwa neno, akishaliweka kichwani "jina langu naitwa" kulitoa ni kazi.

Kitu kingine kuhusu jina, mwambie lipi ni lako na lipi ni la baba au la ukoo na akuite lipi, maana kwao mtu wasiyemzoea huitwa kwa jina la ukoo, usije ukajikuta unaandikiwa "Mpendwa Bibi" fulani na jina la babu yako.

Neno rafiki lenyewe lina mtego. Tunasema rafiki yangu, sio rafiki wangu, kama tunavyosema baba yangu na dada yangu na hata adui yangu, na wakiwa wengi ni marafiki zangu. Lakini ukiunganisha na neno lingine wa inarudi, rafiki wa barua, rafiki wa karibu. Kwa hiyo yote yanakaa pamoja kwenye "rafiki yangu wa barua" na ndiyo sahihi, usishangae ya na wa kuwa jirani. Mwanzoni mwa barua andika "Mpendwa" na jina lake, au "Kwako rafiki yangu" na jina. Usiandike mpenzi. Najua magazetini wanaandika wapenzi wasomaji na hakuna anayeshtuka, lakini mtu mmoja kumwandikia mtu mmoja "mpenzi rafiki", siku hizi ina maana nyingine na kamusi yake itampa hiyo nyingine.

Mwisho wa barua vilevile. "Wako mtiifu" na "wako katika ujenzi wa taifa" ni za ofisini. "Wako, Neema" peke yake kwetu ni sawa, ila mgeni wa lugha anaijua wako ya "wako wapi", atatafuta hao wengi wako wapi. Andika "rafiki yako".

Nimekuandikia mfano, badilisha ya kwako. Anwani yako na tarehe vinakaa juu kulia, anwani yake ndani ya barua ya kirafiki haiwekwi. Mwezi uandike kwa jina, usiandike 4/5, wengine wanasoma siku kwanza wengine mwezi kwanza.

Mpendwa Jonas,

Hujambo? Mimi sijambo, na nyumbani wote hawajambo. Habari za huko Leipzig? Za huku kwetu ni njema.

Mimi naitwa Neema. Neema ndilo jina langu mwenyewe, hilo lingine kwenye bahasha ni la baba yangu, kwa hiyo uniite Neema. Nina miaka 17. Ninasoma kidato cha nne, yaani mwaka wa nne wa sekondari. Kwetu tuko watoto wanne na mimi ni wa pili.

Ninakaa Iringa, mji ulio juu zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo mwezi wa Juni na Julai kuna baridi na tunavaa sweta. Jioni nikitoka shule ninamsaidia mama kuchambua maharage, halafu ninasoma. Je, unajua kwamba neno shule tulilipata kutoka kwenye lugha yenu? Na hela pia, ilikuwa sarafu ya Wajerumani.

Wewe una ndugu wangapi? Kwa nini ulichagua Kiswahili? Ukiona neno gumu kwenye barua hii lipigie mstari uniulize.

Rafiki yako,
Neema

Ona nilivyofanya kwenye kidato, sikuacha neno peke yake, nimeliwekea yaani, ndivyo unavyomsaidia mwanafunzi bila kumfundisha kwa nguvu. Na saa sijaitaja popote kwa makusudi, maana ukiandika unaamka saa kumi na moja alfajiri yeye saa yake itasoma 11 na atashangaa alfajiri ya kwenu inakuja saa ngapi, hiyo mweleze barua ya pili kwamba sisi tunaanza kuhesabu jua likichomoza, saa moja asubuhi ya kwetu ni ile 7 kwenye simu yake. Maswali nayo nimeweka mawili tu ili awe na pa kuanzia jibu, ukimwekea kumi atajibu kama anajaza fomu.

Kwenye bahasha ndiyo utaandika anwani yake kamili, jina la nchi mstari wa mwisho kwa herufi kubwa, na hapo usiandike UJERUMANI, andika kwa Kiingereza au Kifaransa, kwa sababu barua itapita mikononi mwa watu wa posta wa nchi nyingine ambao Kiswahili hawakijui. Yako weka nyuma ya bahasha, na nchi yako pia.